Alama ya sawasawa haiji bure: mfululizo wa Maclaurin wa ln(1+x) na baki lake

Mwanafunzi wa kidato cha 6 akiambiwa atoe mfululizo wa Maclaurin wa ln(1+x), kwa kawaida humaliza kazi kwa mistari mitano. Anatafuta derivativu ya kwanza, ya pili na ya tatu, anaweka sifuri mahali pa x, kisha anaandika hivi:

ln(1+x) = x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 + ...

Alama anapata na daftari linafungwa. Ila tukimkazia macho, alama ile ya sawasawa aliyoiandika hajaithibitisha popote. Hesabu zake zote zimefanyika kwenye nukta moja tu, x = 0. Amepata wapi ruhusa ya kusema lolote kuhusu x = 0.5, au x = 1, au x = −0.75?

Ruhusa hiyo inatolewa na baki, yaani tofauti kati ya fanksheni na jumla ya vipengele ulivyoandika. Hapa tutaitafuta kwa fanksheni hii moja, ln(1+x), kwa sababu ina tabia nzuri ya kufundisha: upande mmoja wa sifuri kadirio la kawaida la baki linafanya kazi bila shida, na upande wa pili linakwama katikati ya njia wakati mfululizo wenyewe hauna tatizo lolote.

Tuanze na kanuni yenyewe. Tunataka polinomia ambayo pale kwenye sifuri inafanana na fanksheni f kwa kila kitu: thamani, mteremko, mkunjo, na kuendelea hadi derivativu ya n. Ukiidiferenshieti x³ mara tatu unapata 3·2·1, yaani 3!, na kwa jumla xᵏ ikidiferenshietiwa mara k inabakiza k!. Ndiyo maana kila kipengele tunakigawa kwa faktoria yake, ili idadi hiyo ijifute:

Pₙ(x) = f(0) + f′(0)x + f″(0)x²/2! + ... + f⁽ⁿ⁾(0)xⁿ/n!

Baki ni kile ambacho polinomia imeshindwa kukifikia:

Rₙ(x) = f(x) − Pₙ(x)

Hadi hapo hakuna nadharia yoyote, tumekipa jina tu kile kinachopungua. Swali linaanza tunapoongeza vipengele: ukichukua x moja na kuishikilia, je, Rₙ(x) inakwenda sifuri n inapokua? Ikienda, alama ya sawasawa ni halali kwa x hiyo. Isipoenda, si halali, hata kama mfululizo unatulia vizuri kwenye namba fulani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu wengi huyaruka. Wanapima kama vipengele vinapungua kwa kasi ya kutosha, wanaona mfululizo unatulia, wanadhani kazi imeisha. Lakini kutulia ni jambo moja, na kutulia kwenye f(x) ni jambo lingine. Lagrange, mwaka 1797, alijaribu kujenga kalkulasi yote juu ya wazo kwamba fanksheni na mfululizo wake ni kitu kimoja. Katika miaka ya 1820 Cauchy alileta mfano uliovunja wazo hilo. Chukua f(x) = e^(−1/x²) kwa kila x isiyo sifuri, na f(0) = 0. Karibu na sifuri grafu yake imelala chini kiasi kwamba derivativu zake zote pale ni sifuri: ya kwanza, ya pili, ya mia, zote. Mfululizo wake wa Maclaurin basi ni 0 + 0 + 0 + ..., nao unatulia kila mahali bila taabu. Lakini f(1) ni e⁻¹, karibu 0.368. Baki pale x = 1 ni 0.368 kwa n = 5, ni 0.368 kwa n = 5000, wala halipungui hata chembe. Kipimo cha kutulia kingeupitisha mfululizo huu kwa alama zote. Baki pekee ndilo linaloukamata.

Sasa turudi kwenye ln(1+x). Derivativu zake zinafuata mpangilio unaoonekana mapema:

f′(x) = 1/(1+x)
f″(x) = −1/(1+x)²
f‴(x) = 2/(1+x)³
f⁽⁴⁾(x) = −6/(1+x)⁴

Kila unapodiferenshieti (1+x)⁻ᵏ, kipeo −k kinashuka mbele na kipeo kipya kinakuwa −k−1. Kwa hiyo ishara inageuka kila hatua na mbele zinajikusanya 1·2·3 na kuendelea. Kanuni ya jumla ni:

f⁽ᵏ⁾(x) = (−1)ᵏ⁻¹ (k−1)! / (1+x)ᵏ

Ukiweka x = 0, asili inakuwa 1 na unabaki na (−1)ᵏ⁻¹(k−1)!. Gawa kwa k!, na karibu faktoria yote inafutika, inabaki 1/k. Hapo ndipo vinapotoka vipengele x, −x²/2, x³/3 na wenzao. Zingatia kwamba faktoria zimefutika. Kwenye eˣ au sin x faktoria hubaki chini na kuua kila kitu, ndiyo maana mifano hiyo miwili haikufundishi sana kuhusu baki: lolote utakalofanya litakubali. Hapa hatuna ulinzi huo, na inabidi tuwe makini.

Kadirio la baki linalofundishwa kwanza ni lile la Lagrange. Linasema kwamba kuna namba c, mahali fulani kati ya 0 na x, ambayo kwayo

Rₙ(x) = f⁽ⁿ⁺¹⁾(c) xⁿ⁺¹ / (n+1)!

Ukiweka n = 0 unapata f(x) − f(0) = f′(c)·x, yaani nadharia ya thamani ya wastani uliyoizoea. Kwa hiyo si kitu kigeni, ni nadharia hiyo hiyo iliyopandishwa ngazi. Mahali pa kujikwaa ni hiyo c. Nadharia inakuhakikishia kwamba ipo, lakini haikuambii iko wapi, na kila ukibadilisha n, c nayo inahama. Ukianza kuishughulikia kama namba moja iliyotulia, hoja yako imeharibika bila wewe kujua. Tunachoweza kufanya ni kuuliza: popote c itakapokuwa, baki haliwezi kuzidi kiasi gani? Kiasi hicho nitakiita dari.

Kwa fanksheni yetu, tukitumia kanuni ya derivativu, n! ya juu na (n+1)! ya chini zinakutana na kuacha hivi:

|Rₙ(x)| = |x|ⁿ⁺¹ / ((n+1)(1+c)ⁿ⁺¹)

Anza na upande rahisi, x kati ya 0 na 1. Hapo c ni chanya, 1+c inazidi 1, na kugawa kwa namba inayozidi 1 kunapunguza tu. Tunaitupa asili hiyo na kupata

|Rₙ(x)| ≤ xⁿ⁺¹/(n+1) ≤ 1/(n+1)

Upande wa kulia unakwenda sifuri, basi na baki linakwenda sifuri. Alama ya sawasawa imethibitishwa kwa kila x kutoka 0 hadi 1, pamoja na x = 1 yenyewe, ambayo inatupa ln 2 = 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + ... Hoja nzima imetumia mstari mmoja.

Upande wa hasi mambo yanageuka. Andika x = −t, ambapo t iko kati ya 0 na 1. Sasa c iko kati ya −t na 0, kwa hiyo 1+c ni pungufu ya 1, na kugawa kwa namba hiyo kunakuza. Kwa kuwa hatujui c iko wapi, tunalazimika kuchukua hali mbaya kuliko zote, yaani 1+c ikikaribia 1−t. Dari inakuwa

|Rₙ| ≤ (1/(n+1)) · (t/(1−t))ⁿ⁺¹

Itazame sehemu t/(1−t). Kama t haizidi 1/2, sehemu hiyo haizidi 1, dari inashuka hadi sifuri, na tumefaulu. Lakini t ikivuka 1/2, sehemu inavuka 1, na dari inapaa. Jaribu t = 3/4 na n = 9. Sehemu ni 3, na dari ni 3¹⁰/10, ambayo ni 5904.9. Tunaambiwa kwamba kosa halizidi elfu tano na ushei, wakati namba tunayoitafuta, ln(1/4), ni −1.3863. Hiyo si taarifa.

Sasa jumlisha vipengele tisa kwa mkono au kwa kikokotoo: −0.75 − 0.28125 − 0.140625 na kuendelea hadi cha tisa. Jibu ni −1.3680. Kosa halisi ni 0.0183. Mfululizo unafanya kazi yake vizuri kabisa, ila kadirio letu halioni.

Tofauti kati ya 0.0183 na 5904.9 imetoka wapi? Kwa kuwa kosa halisi tunalijua, tunaweza kurudi nyuma na kuuliza c iliyofichwa ilikuwa wapi kweli. Tatua (0.75/(1+c))¹⁰/10 = 0.0183, na unapata c karibu −0.11. Sisi, kwa tahadhari, tuliiweka c kule −0.75, ukutani kabisa, kumbe ilikuwa imekaa jirani na sifuri. Kosa dogo la kuweka c, likipandishwa kwenye kipeo cha 10, linazaa maelfu. Nadharia ya Lagrange haina kasoro hapa. Kasoro imetoka kwetu tulipochukua hali mbaya kuliko zote pasipokuwa na taarifa ya kutusaidia.

Katika hatua hii baadhi ya watu huandika kwamba "mfululizo haufai kwa x chini ya −1/2". Hilo ni kosa la mantiki. Dari kupaa hakuthibitishi kwamba baki linapaa. Inathibitisha tu kwamba dari hiyo haikusaidii, na inabidi utafute nyingine.

Nyingine ipo, na kwa fanksheni hii inapatikana bila kuigusa c. Wazo lake ni la zamani kuliko Maclaurin. Mfululizo huu ulichapishwa mwaka 1668 na Nicolaus Mercator (si yule wa ramani), miaka 74 kabla ya kitabu cha Maclaurin cha 1742, na yeye aligawa 1 kwa 1+x kisha akatafuta eneo lililo chini ya grafu. Tufanye hivyo, lakini tusiachie nukta tatu mwishoni. Tuweke kila kitu, pamoja na kinachobaki kwenye mgawanyo:

1/(1+s) = 1 − s + s² − ... + (−1)ⁿ⁻¹sⁿ⁻¹ + (−1)ⁿ sⁿ/(1+s)

Huu ni usawa kamili. Unaweza kuuhakiki kwa kuzidisha pande zote kwa 1+s; vipengele vya kati vinauana viwili viwili na inabaki 1 = 1. Sasa tafuta integrali ya kila upande kutoka 0 hadi x. Kushoto unapata ln(1+x). Kulia, s inakuwa x²/2, s² inakuwa x³/3, na unajenga ile ile Pₙ(x) tuliyoipata kwa derivativu. Kipengele cha mwisho ndicho baki:

Rₙ(x) = (−1)ⁿ ∫₀ˣ sⁿ/(1+s) ds

Hakuna c, hakuna kukisia. Baki limeandikwa lote, wazi, kama eneo chini ya grafu. Rudi kwenye x = −t na ubadilishe s kuwa −u. Ukubwa wa baki ni

|Rₙ(−t)| = ∫₀ᵗ uⁿ/(1−u) du

Ndani ya integrali kuna vitu viwili. Asili 1−u inakuwa ndogo kuliko kote pale u inapofika t, basi 1/(1−u) haizidi 1/(1−t), na hiyo ni namba isiyotegemea n. Itoe nje. Kinachobaki ndani ni uⁿ, ambayo integrali yake ni tⁿ⁺¹/(n+1). Kwa hiyo

|Rₙ(−t)| ≤ tⁿ⁺¹ / ((n+1)(1−t))

Linganisha na dari ya Lagrange. Ile ilikuwa na 1−t iliyopandishwa kwenye kipeo cha n+1, na hapa 1−t imekaa chini mara moja tu. Basi kwa t yoyote iliyo chini ya 1, dari hii inakwenda sifuri. Kwa t = 3/4 na n = 9 inatoa 4 × 0.75¹⁰/10, karibu 0.0225, wakati kosa halisi ni 0.0183. Hiyo ndiyo dari unayoweza kuifanyia kazi. Nani angependelea 5904.9?

Kwa fanksheni ambazo hazina njia ya mkato ya mgawanyo kama hii, kuna sura ya baki iliyotolewa na Cauchy, Rₙ(x) = f⁽ⁿ⁺¹⁾(c)(x−c)ⁿx/n!, ambayo ina c lakini ina pia x−c juu. Kwetu hapa c ikisogea kuelekea −t na kukuza sehemu ya chini, x−c inapungua na kuizuia, na matokeo ni yale yale. Nina maoni kwamba integrali inaeleweka haraka zaidi, ila kwa (1+x) yenye kipeo cha sehemu, kwa mfano √(1+x), utaishukuru sura ya Cauchy.

Integrali ile ina faida nyingine: inaweza kukuambia pia kwamba kosa haliwezi kuwa dogo kuliko kiasi fulani. Chukua x = 1. Kati ya 0 na 1, sehemu 1/(1+s) iko kati ya 1/2 na 1, basi ukubwa wa baki uko kati ya 1/(2(n+1)) na 1/(n+1). Kwa n = 10 hiyo ni kati ya 0.045 na 0.091. Jumla ya vipengele kumi vya kwanza ni 0.6456, ln 2 ni 0.6931, na kosa ni 0.0475, ndani ya mipaka hiyo. Sasa tunajua kwamba ukitaka kosa lisilozidi 0.0005 kwa njia hii utahitaji vipengele 1000 hivi, na hakuna ujanja wa kukadiria utakaokuokoa. Polepole hapa ni tabia ya mfululizo wenyewe. Kule −3/4 tatizo lilikuwa kwa mkadiriaji.

Ukiwa na dari nzuri mkononi unaweza kuchagua x ya kufanyia kazi. Ln 2 ni sawa na −ln(1/2), yaani t = 1/2. Dari mpya kwa n = 10 ni 1/(11 × 1024), chini ya 0.00009. Vipengele kumi vya 1/2 + 1/8 + 1/24 + 1/64 + ... vinatoa 0.69306. Kazi ni ile ile ya vipengele kumi, na namba inayotafutwa ni ile ile, ila kosa limeshuka kutoka 0.0475 hadi 0.00008.

Inabaki mipaka. Kwa x = −1 mfululizo ni −(1 + 1/2 + 1/3 + ...), ambao unashuka bila kikomo, nayo ln 0 haipo, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Kwa x zaidi ya 1 hali inashangaza kidogo, kwa sababu ln 3 ipo na grafu pale x = 2 imenyooka vizuri, lakini vipengele 2, −2, 8/3, −4 vinazidi kukua. Kumbuka onyo la juu: usiseme mfululizo umeshindwa kwa sababu dari imepaa. Sema umeshindwa kwa sababu vipengele vyenyewe haviendi sifuri, na mfululizo ambao vipengele vyake haviendi sifuri hauwezi kutulia. Chanzo kiko upande wa pili: fanksheni inavunjika pale −1, hatua moja kutoka sifuri, na mfululizo wa vipeo vya x hauwezi kwenda mbali upande mmoja kuliko unavyoruhusiwa upande mwingine.

Ln 3 hata hivyo haijatukimbia, kwa sababu ln 3 = −ln(1/3), na 1/3 ni 1 − 2/3. Hapo t = 2/3, imeshavuka nusu, mahali ambapo kadirio la Lagrange lilikwama. Kwa vipengele 20, dari ya Lagrange ni 2²¹/21, yaani 99,864. Dari ya integrali, 3 × (2/3)²¹/21, haifiki 0.00003.